Mwongozo Kamili: Kujibu Maswali ya -ka-, -ki-, -nge- na -ngali- Bila Kupoteza Alama

Madaftari ninayosahihisha yananirudisha kwenye kosa lile lile kila muhula. Mwanafunzi anajua kabisa kwamba -ka- ni ya mfuatano wa vitendo na -ki- ni ya masharti. Ukimuuliza kwa mdomo anakujibu bila kusita. Mpe sasa sentensi aikanushe, au aunganishe mbili kuwa moja, na kalamu inasimama. Akiandika, anaandika "ningelikuwa na pesa ningenunua", anapata nusu alama au hapati kitu.

Tatizo si kwamba hajakariri. Amekariri majina ya viambishi, lakini hajiulizi jambo linalosemwa lilitokea au halikutokea. Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu hapa, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake.

Katika mtihani wa KCSE wa Kenya, Matumizi ya Lugha hubeba alama 40 kati ya 80 za Karatasi ya Pili. Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne Tanzania, viambishi hivi huja zaidi kwa sura ya mofimu na njeo. Hatua ni zile zile pande zote mbili za mpaka.

## Unachohitaji

- Daftari moja la mazoezi, lisiwe lile la darasani.
- Kalamu mbili za rangi tofauti. Moja ya kuandikia sentensi, nyingine ya kuandikia ukweli ulio nyuma ya sentensi. Utaona sababu yake katika hatua ya 4.
- Karatasi za mitihani iliyopita, tatu au nne zinatosha.
- Sentensi ulizokosa mwenyewe katika majaribio ya muhula huu. Hizi zina faida kuliko zangu.
- Mahali unapoweza kusoma kwa sauti. Sikio lako hukamata "akakuja" na "akikuja" kabla jicho halijashtuka.

## Hatua ya 1: Uliza kama jambo lilitokea

Kabla ya kugusa kiambishi chochote, soma swali na ujiulize: kitendo hiki kimetokea, hakijulikani bado, hakipo lakini kinawezekana, au kimeshindikana kabisa?

Kama kilitokea, na kilifuata kingine, hapo pana -ka-. *Aliteleza akaanguka.* Kuteleza kulitokea, kuanguka kulitokea.

Kama hakijulikani bado, hapo pana -ki- ya masharti. *Ukiteleza utaanguka.* Huenda ukateleza, huenda usiteleze.

Kama hakipo sasa lakini mlango bado uko wazi, hapo pana -nge-. *Ungevaa viatu vizuri, usingeteleza.* Bado una nafasi ya kuvaa viatu vizuri.

Kama wakati umeshapita na jambo haliwezi kubadilika, hapo pana -ngali-. *Ungalivaa viatu vizuri, usingaliteleza.* Hukuvaa, uliteleza, basi.

Sababu ya kuanza hapa: mtahini anapokuandikia "tofautisha sentensi hizi kimaana", hataki jina la kiambishi peke yake. Anataka umwambie nini kilitokea na nini hakikutokea.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kusoma sentensi yoyote ya aina hii na kusema ukweli wake kwa maneno mepesi: "alikuja", "hakuja", "hatujui kama atakuja".

## Hatua ya 2: Jenga sentensi ya -ka-

Kitenzi cha kwanza ndicho kinachobeba wakati, mara nyingi kwa -li-. Vinavyofuata vinapokea -ka-, na havirudii -li-.

*Asha alikwenda mjini, akanunua viatu, akarudi jioni.*

Usianze sentensi ya mtihani kwa -ka- peke yake. "Akanunua viatu" ikisimama mwanzoni haina kitendo inachokifuata, na mtahini ana haki ya kuuliza: baada ya nini?

Nafsi inaweza kubadilika njiani bila shida yoyote, mradi upatanisho wa ngeli ulindwe: *Kengele ililia, milango ikafunguliwa, wanafunzi wakatoka.*

Onyo la kwanza: "na" isiyo na kazi. Wengi huandika "alikwenda mjini na akanunua viatu". Kiambishi -ka- kimeshaunganisha. Ondoa "na", sentensi inabaki safi.

Onyo la pili: mpangilio. Kwa kuwa -ka- hufuata mtiririko wa matukio, ukiandika "alikula wali akapika" umesema kwamba alikula kwanza, kisha ndipo akapika. Sarufi haina kosa, maana imeharibika.

Onyo la tatu ni irabu moja ya mwisho. Hapa ningependa utulie kidogo. Soma sentensi hizi mbili kwa sauti:

*Juma alitumwa akamwita daktari.*
*Juma alitumwa akamwite daktari.*

Ya kwanza inasema Juma alitumwa, na kweli alimwita daktari. Ya pili inasema lengo la kutumwa lilikuwa kumwita daktari, lakini haituambii kama alimwita. Pengine alikutana na wenzake njiani wakacheza mpira hadi jua likatua. Irabu -a inatoa taarifa ya tukio, irabu -e inatoa nia.

Ndiyo maana -ka- inayofuata wakati ujao hupata -e: *Nitakwenda sokoni nikanunue samaki.* Samaki hajanunuliwa bado, hivyo usiandike "nitakwenda sokoni nikanunua samaki" kwenye karatasi ya mtihani. Amri nayo ni vivyo hivyo: *Nenda ukamwone mwalimu.*

Kukanusha -ka-. Kama swali linataka sentensi nzima ikanushwe, kila kitenzi kinapokea ukanushi wa wakati uliopita, na cha mwisho kinatanguliwa na "wala": *Asha hakwenda mjini, hakununua viatu wala hakurudi jioni.*

Kama kitendo cha kwanza kilitokea na cha pili hakikutokea, tumia -si- na irabu -e: *Nilikwenda kwake nisimkute.* Nilikwenda kweli, ila sikumkuta. Umbo hili ni la Kiswahili fasaha na wanafunzi wengi hulikwepa kwa kuliogopa. Lizoee.

## Hatua ya 3: Tenga -ki- mbili zisichanganyike

Kiambishi -ki- kina kazi kubwa mbili, na mtahini hupenda kuziweka katika sentensi zinazofanana. Jaribio lake ni la kubadilisha maneno.

Ukiweza kuweka "ikiwa" mahali pake, ni -ki- ya masharti. *Mvua ikinyesha, tutalima* ni sawa na *ikiwa mvua itanyesha, tutalima*.

Ukiweza kuweka "huku" pamoja na -na-, ni -ki- ya vitendo vinavyokwenda pamoja. *Aliingia akiimba* ni sawa na *aliingia huku anaimba*.

Hapo linganisha na -ka-: *Aliingia akaimba.* Huyu aliingia kwanza, akasimama labda, ndipo akaanza kuimba. Yule wa *akiimba* alifika mlangoni wimbo ukiwa tayari mdomoni. Swali la kutofautisha sentensi hizi mbili huulizwa mara nyingi, na jibu lake ni hilo tu: moja ni mfuatano, nyingine ni wakati mmoja.

Kuna pia -ki- yenye maana ya "kila mara" au "wakati ambapo", kama katika *mvua ikinyesha, paa huvuja*. Kitenzi cha hu- kinachofuata ndicho kinachokujulisha.

Onyo: usiandike "kama ukisoma". Ama *ukisoma*, ama *kama utasoma*. Sharti moja halihitaji alama mbili. Pia usimalizie sharti la -ki- kwa -li-, mfano "ukisoma ulifaulu". Sharti ambalo matokeo yake hayajulikani haliwezi kujibiwa na jambo lililokwisha.

Kukanusha -ki- ndiko kunakowaangusha wengi. Masharti hukanushwa kwa -sipo-: *Mvua isiponyesha, hatutalima.* Pande zote mbili zimekanushwa. Hakuna "haikinyesha" wala "isikinyesha".

Lakini -sipo- ni ya masharti peke yake. *Aliingia akiimba* ikikanushwa haiwi "aliingia asipoimba". Unakanusha kitenzi kikuu: *Hakuingia akiimba.* Kadhalika *Alikuwa akicheka* inakuwa *Hakuwa akicheka*. Ukikumbuka jaribio la "ikiwa" na "huku", hutakosea: -ki- iliyokubali "ikiwa" ndiyo inayogeuka -sipo-.

Jambo la mwisho kuhusu -ki-, ambalo hupendwa na watungaji wa maswali ya mofimu. Tazama kitenzi cha sentensi hii:

*Kisu kikikikata kidole, kitatoka damu.*

Kiki-ki-kata, ki ngapi? Tatu. Ya kwanza ni upatanisho wa kisu, yaani kiambishi cha ngeli. Ya pili ni ya masharti. Ya tatu ni yambwa, inarejelea kidole. Mpangilio wake haubadiliki: mtendaji, kisha hali, kisha mtendewa, kisha mzizi. Ukiujua mpangilio, hata ki zikiwa tatu mfululizo huzibabaikii.

## Hatua ya 4: Chagua kati ya -nge- na -ngali-

Chukua sasa ile kalamu ya rangi ya pili. Kila unapoandika sentensi ya -nge- au -ngali-, andika chini yake ukweli wenyewe. Usiruke hata mara moja kwa juma zima la mazoezi.

*Ningekuwa na baiskeli, ningefika mapema.*
Ukweli: Sina baiskeli. Sifiki mapema. Nikipata baiskeli kesho, hali itabadilika.

*Ningalikuwa na baiskeli, ningalifika mapema.*
Ukweli: Sikuwa na baiskeli. Sikufika mapema. Hata nikinunua leo, siku ile imekwisha.

Ukipewa pengo la kujaza, jaribu kuongeza "sasa" na kisha "siku ile". Neno linalokaa vizuri ndilo linalochagua kiambishi. Mara nyingine swali lenyewe lina "jana" au "mwaka jana" ndani yake, na hapo -ngali- ndiyo inayotakiwa.

Mitaani, Dar es Salaam kwa Nairobi, utasikia watu wakisema "ningekuja jana" na wanaelewana vizuri. Mazungumzo yana muktadha na sura ya msemaji. Karatasi ya mtihani haina, kwa hiyo tofauti ya -nge- na -ngali- lazima ibebwe na kiambishi chenyewe.

Onyo kubwa kuliko yote: usichanganye. Upande wa kwanza ukiwa na -nge-, wa pili nao uwe na -nge-. Ukiwa na -ngali-, uwe na -ngali-. "Angalikuja ningempa" ni kosa, kwa sababu nusu ya kwanza imefunga mlango na nusu ya pili imeuacha wazi.

Vipi kuhusu -ngeli-? Wengi huitumia kwa maana ya -ngali-, na utaikuta kwenye maswali. Ikiwa swali limekuletea -ngeli-, jibu kwa -ngeli- pande zote mbili. Ikiwa unatunga mwenyewe, shika -nge- na -ngali-.

Pia -nge- ya adabu, kama *ningependa kuomba nafasi*, husimama peke yake bila upande wa pili. Usiilazimishie matokeo.

Na usidanganyike na *ngali* nyingine. *Mtoto angali amelala* maana yake ni bado amelala. *Mvua ingali inanyesha*, bado inanyesha. Hapo hakuna sharti lolote. Dalili yake ni kwamba neno limeishia hapo hapo kwenye -ngali, na kitenzi kamili kinafuata kikiwa neno la pekee.

## Hatua ya 5: Kanusha -nge- na -ngali-, kisha soma ukweli kinyume

Msichana mmoja wa kidato cha tatu alinijia na daftari baada ya jaribio. Baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha swali ambalo alikuwa ameambiwa aeleze maana yake: *Daktari asingalikuja, mgonjwa angalikufa.*

"Mwalimu, mimi niliandika daktari hakuja na mgonjwa akafa. Nimekatwa zote mbili."

Nikamwomba aandike ukweli kwa kalamu nyekundu. Aliandika tena: hakuja, alikufa. Nikamuuliza: "Kama mgonjwa amekufa kweli, kwa nini msemaji aseme *angalikufa*?"

Akanyamaza. Kisha akafuta, akaandika: alikuja, hakufa. Akacheka kwa furaha, maana sentensi zote za ukurasa ule zilimfungukia kwa mkupuo.

Kanuni ni hii: katika -ngali-, ukweli daima uko kinyume na umbo. Kitenzi kilichokanushwa kinaeleza jambo lililotokea. Kitenzi kisichokanushwa kinaeleza jambo ambalo halikutokea. Sentensi ya daktari inaweza kuandikwa kwa namna nne, na kila moja ina ukweli wake:

*Daktari angalikuja, mgonjwa angalipona.* Hakuja, hakupona.

*Daktari asingalikuja, mgonjwa asingalipona.* Alikuja, alipona.

*Daktari angalikuja, mgonjwa asingalikufa.* Hakuja, alikufa.

*Daktari asingalikuja, mgonjwa angalikufa.* Alikuja, hakufa.

Ziandike hizi nne kwa mkono wako, ukweli ukiwa kwa rangi ya pili. Kisha badilisha daktari kuwa mvua, na mgonjwa kuwa mahindi, uziandike upya. Ukifika ya nne bila kurudi nyuma kutazama, kanuni imekuingia.

Sasa umbo lenyewe la ukanushi. Kiambishi -si- hukaa baada ya nafsi na kabla ya -nge- au -ngali-: *nisingekuja, usingekuja, asingekuja, tusingalikuja*. Lipo pia umbo la *singekuja* na *hangekuja*, nalo ni sahihi. Chagua moja utumie pande zote mbili za sentensi, ili kazi yako isionekane imeshonwa kwa vipande.

Yasiyokubalika ni "haningekuja", "ningesikuja" na "ningekuwa sikuja". Yote matatu nimeyakuta kwenye madaftari ya wanafunzi wenye akili nzuri tu.

Onyo: swali likisema "kanusha", kanusha pande zote mbili. *Ningekuwa na pesa, ningenunua gari* inakuwa *Nisingekuwa na pesa, nisingenunua gari.* Anayekanusha upande mmoja ametunga sentensi nyingine yenye maana nyingine, kama ulivyoona kwa daktari.

## Hatua ya 6: Angalia vitenzi vya silabi moja

Vitenzi kama la, nywa, ja, fa na wa vina tabia yao. Mbele ya -ka- na -ki- ya kawaida, ku- huondoka: *akala, akaja, akila, akija*. Mbele ya -nge-, -ngali- na -sipo-, ku- hubaki: *angekula, angalikuja, asipokula*.

"Akakula" na "akikuja" husikika sana katika mazungumzo, ndiyo maana huponyoka hadi kwenye karatasi. Soma jibu lako kimoyomoyo, polepole, uzikamate.

Katika uchambuzi wa mofimu, ku- hii ina pacha wake anayepotosha. Linganisha:

*Asingalikuja*: a-si-ngali-ku-j-a.
*Nisingalikupiga*: ni-si-ngali-ku-pig-a.

Katika la kwanza, ku- ni ile inayoshikilia mzizi mfupi wa silabi moja, haimrejelei mtu yeyote. Katika la pili, ku- ni yambwa, ni wewe unayepigwa. Jaribu kubadilisha mtendewa: *nisingalimpiga* inawezekana, ku- imetoka, m- imeingia. "Asingalimja" haiwezekani. Jaribio hilo linatosha.

## Hatua ya 7: Pitisha tukio moja katika viambishi vyote

Hili ndilo zoezi ninalolithamini kuliko mengine, kwa sababu linakukutanisha na aina zote za maswali ndani ya dakika kumi. Chukua tukio hili:

*Juma hakuamka mapema. Alikosa basi.*

Kwa -ka-: unatafuta mfuatano wa mambo yaliyotokea. Kwa kuwa kuamka mapema hakukutokea, tafuta kilichotokea badala yake. *Juma alichelewa kuamka, akakosa basi.*

Kwa -ki-: sasa unazungumzia siku ambayo haijafika. *Juma akiamka mapema, hatakosa basi.* Ikikanushwa sehemu ya sharti, matokeo nayo yanageuka: *Juma asipoamka mapema, atakosa basi.*

Kwa -nge-: fikiria Juma ambaye bado ana tabia hiyo. *Juma angeamka mapema, asingekosa basi.* Ukweli: haamki mapema, anakosa basi, lakini anaweza kurekebika.

Kwa -ngali-: rudi kwenye siku ile moja. *Juma angaliamka mapema, asingalikosa basi.*

Tazama kilichotokea hapa mwishoni. Sentensi za mwanzo zilikuwa na *hakuamka*, yaani ukanushi, na *alikosa*, bila ukanushi. Katika -ngali- zote mbili zimegeuka: *angaliamka* haina ukanushi, *asingalikosa* inao. Swali la "unganisha sentensi hizi kwa kutumia -ngali-" linadai mgeuko huo. Anayeandika "Juma asingaliamka mapema, angalikosa basi" amesema Juma aliamka mapema na akalipata basi, kinyume kabisa cha alichopewa.

Utajua umefaulu ikiwa utaandika sentensi yako ya -ngali-, uandike ukweli wake kwa kalamu ya pili, na ukweli huo ulingane neno kwa neno na sentensi ulizopewa mwanzoni.

## Hatua ya 8: Kagua kabla ya kukabidhi karatasi

Dakika mbili za mwisho, rudi kwenye majibu haya tu. Angalia kama pande mbili za sentensi zina kiambishi kimoja. Angalia irabu ya mwisho ya kila -ka-. Angalia vitenzi vya silabi moja. Kisha angalia kama swali lilitaka sentensi au maelezo, maana wapo wanaotunga vizuri wakasahau kwamba waliulizwa matumizi.

Kama swali ni la kubainisha matumizi, jibu fupi linatosha: "-ki- ya masharti", "-ki- ya kuonyesha vitendo viwili kwa wakati mmoja", "-ka- ya mfuatano wa vitendo", "-ngali- ya jambo lisilowezekana tena". Usijaze ukurasa.

## Jipime

Jibu kwanza, ndipo usome majibu.

1. Kanusha: *Ukija mapema, utanikuta.*
2. Unganisha kwa -ngali-: *Mvua ilinyesha. Mechi iliahirishwa.*
3. Tofautisha: *Alimkuta akila* na *Alimkuta akala*.
4. Sahihisha: *Nitakwenda benki nikatoa pesa.*
5. Eleza ukweli wa: *Usingalinikumbusha, ningalisahau ada.*

Majibu:

1. *Usipokuja mapema, hutanikuta.* Kama uliandika "usipoja", rudi hatua ya 6.
2. *Mvua isingalinyesha, mechi isingaliahirishwa.* Vyote viwili vilitokea, kwa hiyo vyote viwili vimekanushwa.
3. Katika ya kwanza, aliyekutwa ndiye aliyekuwa mezani anakula wakati mwenzake anafika. Katika ya pili, aliyefika alimkuta mwenzake, kisha yeye mwenyewe akala.
4. *Nitakwenda benki nikatoe pesa.*
5. Ulinikumbusha, na sikusahau ada.